Maneno zaidi ya 20 yamebadilishwa, aya ni ileile: kisa cha sura ya pili

Mwanafunzi wa shahada ya umahiri alileta sura ya pili ya tasnifu yake, yaani mapitio ya maandiko. Mada yake ilihusu mtazamo wa wasemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kuhusu Kiswahili sanifu. Sura ilikuwa safi kwa macho. Kila aya ilimalizika kwa jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na ripoti ya Turnitin aliyoiambatisha ilionyesha ulinganifu mdogo, chini kabisa ya kikomo cha chuo. Hata hivyo niliposoma aya inayozungumzia mkutano wa Mombasa nilisita, kwa sababu sauti ilibadilika ghafla. Kabla ya hapo sentensi zake zilikuwa fupi na za moja kwa moja. Hapa zilikuja sentensi ndefu zilizopangwa kwa ustadi, lakini ndani yake mlikuwa na maneno yasiyokaa vizuri. Nilitafuta makala aliyoitaja, nikaiweka kando ya sura yake.

Ili mwanafunzi huyo asitambulike, aya ya chanzo ninayoiweka hapa nimeiandika mwenyewe kwa kufuata umbo na hoja ya ile halisi:

"Uteuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 haukutokana na ubora wa lahaja hiyo kifasihi. Kimvita kilikuwa na hazina kubwa zaidi ya ushairi ulioandikwa, na wamisionari waliokuwa Mombasa walikitetea kwa nguvu. Kilichokipa Kiunguja ushindi ni kuenea: misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukifikisha bara, na utawala wa Kijerumani ulikuwa umekirithi na kukitumia katika shule na ofisi za Tanganyika. Kwa hiyo Waingereza hawakuanzisha hali mpya bali waliidhinisha ile iliyokuwapo tayari."

Na hii ndiyo aya ya mwanafunzi:

"Uchaguzi wa Kiunguja kuwa kiini cha Kiswahili bora katika kongamano la Mombasa la mwaka 1928 haukusababishwa na uzuri wa lugha hiyo kisanaa. Kimvita kilikuwa na akiba kubwa zaidi ya mashairi yaliyoandikwa, na wahubiri waliokuwa Mombasa walikipigania kwa bidii. Kilichokipa Kiunguja mafanikio ni kusambaa: safari za kibiashara zilikuwa zimekwisha kukipeleka bara, na serikali ya Kijerumani ilikuwa imekipokea na kukitumia katika shule na afisi za Tanganyika. Hivyo basi Waingereza hawakuunda hali mpya bali walikubali ile iliyokuwapo tayari."

Mwishoni mwa aya hiyo kulikuwa na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, vyote sahihi.

Ukihesabu, utakuta amebadilisha maneno zaidi ya 20 katika sentensi nne. Ni kazi kubwa. Alitumia muda na kamusi ya visawe kuifanya, na ndiyo maana alipoambiwa kwamba huu ni wizi wa kitaaluma aliumia kweli.

"Mwalimu, nimemtaja," alisema. "Na hakuna sentensi hata moja niliyoichukua kama ilivyo."

Jibu lake lina sehemu mbili na kila moja inastahili kujibiwa kwa haki, kwa kuwa wengi wanaofanya hivi wanaamini hizo mbili kwa moyo mmoja.

Nianze na ile ya kumtaja mwandishi. Unapoweka jina na mwaka mwishoni mwa aya bila alama za kunukuu, unamwambia msomaji mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kwamba wazo ni la yule uliyemtaja. La pili, ambalo halisemwi kwa maneno lakini kila msomaji wa taaluma analijua, ni kwamba lugha na mpangilio ni vyako. Umelisoma wazo, ukalielewa, ukalieleza upya. Mwanafunzi wetu alisema kweli kuhusu la kwanza, ila la pili halikuwa kweli. Ndiyo maana rejeleo sahihi haliiokoi aya hii. Linakiri deni moja na kuficha jingine.

Deni linalofichwa ni lipi, ikiwa maneno yamebadilika? Tazama mifupa ya aya. Mwandishi wa makala alianza kwa kukanusha sababu ambayo msomaji angeidhania. Akakubali nguvu ya upande ulioshindwa, akataja sababu halisi kwa neno moja, akaweka nukta mbili, akaigawa sababu hiyo katika matawi mawili, biashara kisha utawala. Mwishoni akafunga kwa "hawaku... bali wali...". Huo ni mpangilio wa hoja, na ndio kazi ngumu aliyoifanya. Angeweza kuanza na Wajerumani. Angeweza kuacha kabisa suala la ushairi. Aliamua kuanza kwa kukanusha kwa sababu alijua wapinzani wake watasema nini. Aya ya mwanafunzi ina sentensi nne kwa nne, mpangilio uleule, ukanushaji uleule, matawi mawili kwa utaratibu uleule, hata nukta mbili zimekaa pale pale. Kila uamuzi wa kiuandishi uliofanywa kwenye aya hiyo ulifanywa na mtu mwingine.

Sehemu ya pili ya utetezi wake, kwamba hakuna sentensi iliyobaki kama ilivyo, ilitegemea ile ripoti ya ulinganifu. Programu kama Turnitin hulinganisha mifuatano ya maneno na ile iliyomo kwenye hifadhi yake. Ukivunja mfuatano kila baada ya neno moja au mawili, aya haipakwi rangi. Na ikiwa chanzo ni makala ya zamani iliyochapishwa kwenye karatasi na haijaingizwa mtandaoni, jambo la kawaida kwa maandiko ya Kiswahili, hata ukinakili neno kwa neno programu inaweza isione kitu. Kwa upande mwingine huipaka rangi nukuu halali yenye alama zake, na hata orodha ya marejeleo. Ripoti hupima kufanana kwa maandishi. Kuamua kama kuna wizi ni kazi ya msomaji mwenye chanzo mkononi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko la kanuni, nalo ni kile ambacho visawe viliifanyia maana.

"Kiswahili sanifu" kimekuwa "Kiswahili bora". Aya nzima ya chanzo inabishana kwamba suala halikuwa ubora, halafu katika mstari wa kwanza mwanafunzi anaingiza ubora kwa mlango wa nyuma. Sanifu ni iliyowekewa kanuni za pamoja za tahajia, sarufi na msamiati. Lahaja isiyosanifiwa haiwi duni kwa hilo. Kwa mtu anayetafiti hisia za wasemaji wa Kimvita, hilo ndilo kosa la mwisho ambalo angepaswa kulifanya, maana ndilo hasa wanalolalamikia.

"Lahaja" imekuwa "lugha". Kwa mwanaisimu, hapo Kiunguja kimetolewa ndani ya Kiswahili na kufanywa kitu cha pembeni. "Wamisionari" wamekuwa "wahubiri", na sababu ya wao kutajwa imepotea. Hawakuingia kwenye mjadala huu kwa mahubiri yao. Waliingia kwa sababu ndio walioandika sarufi na kamusi. Johann Ludwig Krapf aliyefanya kazi Mombasa aliegemea Kimvita katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, na Edward Steere wa Zanzibar aliegemea Kiunguja katika kitabu chake cha mwaka 1870. Kila upande ulikuwa na vitabu vyake vya kutetea. "Kurithi" kumekuwa "kupokea", na hapo historia imepinda: Wajerumani waliikuta pwani tayari ina maliwali na maakida wanaoendesha mambo kwa Kiswahili, wakaendelea na utaratibu huo. Kupokea hakubebi hilo. Na "kuidhinisha", ambalo ni tendo la mwenye mamlaka, limekuwa "kukubali", ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya.

Mambo haya hayatokei kwa bahati mbaya. Anayebadilisha neno kwa neno hulazimika kugusa kila neno, pamoja na yale ambayo mtaalamu asingeyagusa. Istilahi hazina visawe. Anayeielewa aya huacha "lahaja" na "sanifu" mahali pake bila wasiwasi, kwa sababu anajua ni maneno ya uwanja mzima na si mali ya mwandishi mmoja. Asiyeielewa huyaona kama maneno mengine yoyote yanayohitaji kufichwa. Ndiyo maana istilahi iliyobadilishwa ni dalili ya kwanza ninayoitafuta. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa katika makala za kisayansi za Kiingereza. Walikuta makala zilizopitishwa kwenye programu za kubadilisha maneno, ambamo saratani ya matiti, kwa mfano, ilikuwa imegeuka kitu kinachoweza kufasiriwa "hatari ya kifuani". Hakuna daktari anayeandika hivyo.

Nilimuuliza mwanafunzi alivyoiandika aya ile. Alikuwa amefungua makala upande mmoja wa skrini na sura yake upande wa pili. Akasoma sentensi ya kwanza, akaiandika kwa maneno mengine, akaenda ya pili. Nilipomuuliza nani alimfundisha hivyo alishangaa swali lenyewe.

"Si ndivyo tulivyofundishwa kwenye ufupisho, Mwalimu? Andika kwa maneno yako mwenyewe."

Anasema kweli. Wengi wetu tumepita kwenye zoezi la ufupisho sekondari tukiwa na kifungu mbele ya macho, tukajifunza kwamba "maneno yako mwenyewe" maana yake ni maneno tofauti. Hakuna aliyesisitiza kwamba yanayotakiwa kuwa yako ni sentensi, mpangilio na sababu ya kusema. Mtaalamu wa uandishi wa Marekani, Rebecca Moore Howard, aliyelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990, alilipa jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kuliita uandishi wa viraka. Anashikilia kwamba mara nyingi ni hatua anayopitia mtu anayejifunza lugha ya taaluma ambayo bado hajaimudu, kuliko njama ya kudanganya. Nakubaliana naye kuhusu nia. Mwanafunzi wangu hakuwa mwizi. Lakini nia ni suala la adhabu na la namna ya kumsaidia. Haibadilishi kilichomo kwenye karatasi. Kwa kuwa ilikuwa rasimu, ilirudi kwake kuandikwa upya. Ingekuwa ndiyo tasnifu iliyowasilishwa, ingekuwa mbele ya kamati, na kamati ingeanza na maandishi kabla ya moyo wake.

Jaribio lake la pili lilikuja baada ya siku chache. Safari hii alikuwa ameanza na sentensi ya mwisho ya chanzo, akageuza "misafara ilikifikisha bara" kuwa "kilifikishwa bara na misafara", na akaunganisha sentensi mbili kuwa moja. Visawe vibaya vilikuwa vimepungua, ila aya bado ilikuwa ya mwandishi wa makala. Alikuwa amefanyia kazi rasimu yake ya kwanza, na rasimu ile ilikuwa chanzo kilichovaa nguo nyingine. Hapo niliona kwamba kumwambia "badilisha muundo pia" hakusaidii. Muundo wa sentensi nao unaweza kubadilishwa kimashine kama maneno yanavyobadilishwa.

Nilimwomba aweke karatasi zote chini ya kitabu na kunijibu maswali kwa mdomo. La kwanza: makala hii inabishana na nani? Alifikiri kidogo, akasema inabishana na wanaodhani Kiunguja kilichaguliwa kwa kuwa kizuri zaidi. La pili: wewe unaihitaji ya nini kwenye utafiti wako? Hapo alikaa kimya muda mrefu, na ukimya huo ulieleza mengi. Aya iliingia kwenye sura kwa sababu inahusu 1928, na kila tasnifu ya aina yake inataja 1928. Baadaye akasema hivi, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu ndiyo yaliyokuwa aya ya kwanza iliyo yake:

"Mwalimu, wazee wengi wa Mombasa wanasema Kimvita kilionewa ilhali kina mashairi mengi. Huyu anasema mashairi hayakuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo wanalalamikia kitu ambacho hakikuwa kwenye mizani."

Nikamwambia aandike hayo kabla hayajapoa.

Kabla ya kuandika tulitenganisha vitu vitatu kwenye kipande cha karatasi, kwa vidokezo vifupi visivyo sentensi. Upande mmoja ukweli unaopatikana kila mahali: mkutano, Mombasa, 1928, Kiunguja kuwa msingi. Huo si mali ya mtu na hauhitaji kuzungushwa. Sentensi fupi ya ukweli kama "Kamati ya Lugha ilianzishwa mwaka 1930" itafanana na ya wengine na hakuna ubaya. Upande wa pili madai ya mwandishi: kwamba kuenea ndiko kulikoamua, na kwamba Waingereza waliidhinisha tu. Hayo ni tafsiri yake ya matukio, na lazima yabebe jina lake popote yatakapotajwa. Upande wa tatu kile ambacho mwanafunzi mwenyewe anakifanya na madai hayo. Katika rasimu mbili za kwanza upande huo ulikuwa mtupu.

Aya ya tatu ilikuja hivi:

"Wanaotetea Kimvita leo mara nyingi huanza na ushairi wake. Makala hii inaonyesha kwa nini hoja hiyo haigusi uamuzi wa mwaka 1928. Mwandishi wake hapingi kwamba Kimvita kilikuwa tajiri zaidi kwa maandishi. Anachosema ni kwamba utajiri huo haukuwa kigezo. Tanganyika ilikuwa tayari inasomesha na kuendesha ofisi kwa Kiunguja tangu enzi ya Wajerumani, na kwa maoni yake Waingereza 'waliidhinisha ile iliyokuwapo tayari'. Maelezo hayo yanaridhisha kwa upande wa Tanganyika. Kwa Kenya, ambako Kimvita kilikuwa na wasemaji, vitabu na watetezi wake papo hapo, hali 'iliyokuwapo tayari' haikuwa moja, na hapo ndipo malalamiko ninayoyachunguza yanapopata nguvu."

Nafasi ya jina la mwandishi, mwaka na ukurasa nimeiacha wazi kwa sababu niliyoitaja. Katika tasnifu jina lilikaa mwanzoni, pale madai yanapoanza, ili msomaji ajue tangu mapema nani anasema. Jina linalosubiri mwisho wa aya ndefu humwacha msomaji akikisia limefunika sentensi ngapi. Misafara imetoka, kwa sababu utafiti huu haukuihitaji. "Kimvita" na "Kiunguja" zimebaki bila kuguswa. Maneno machache ya chanzo ambayo hayangeweza kusemwa vizuri zaidi yamewekewa alama za kunukuu, na kwa hilo deni la lugha limelipwa wazi. Sentensi mbili za mwisho hazimo kwenye makala hata kwa mbali. Ndizo zinazoonyesha kwamba aliyesoma alikuwa anafikiri.

Baada ya hapo ndipo alipoifungua makala tena, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika, kuangalia kama amemtendea haki mwandishi. Alikuta amesema "tangu enzi ya Wajerumani" na chanzo kinakubali. Rasimu ya awali kidogo ilikuwa na neno "pekee" ambalo mwandishi hakulisema. Akalitoa. Kosa la aina hii ni la kawaida kwa anayeandika kwa kumbukumbu, na ni rahisi kulirekebisha. Visawe haviruhusu marekebisho kama hayo, kwa kuwa aliyevitumia haoni kama kuna kitu kimepotea.

Kubaki na aya moja kungekuwa rahisi, lakini niliendelea na sura nzima, na humo nikakuta jambo jingine ambalo programu isingeliona hata kidogo. Vyanzo vyake vingi vilikuwa vya Kiingereza. Aya kadhaa zilikuwa tafsiri ya sentensi kwa sentensi, bila alama za kunukuu na bila kusema "tafsiri yangu", kila moja ikiwa na rejeleo mwishoni. Yeye aliamini kwamba kuvuka lugha kunatosha: hakuna neno la Kiswahili lililomo kwenye kitabu cha Kiingereza, basi maneno yote ni yake. Kwa kweli tafsiri ni mfano uliokamilika wa kubadilisha maneno yote na kuacha kila kitu kingine. Mpangilio, mifano, ukanushaji, hata mahali pa kuvuta pumzi, ni vya mwandishi wa kwanza. Ukitaka kutafsiri maneno yake, itendee tafsiri kama nukuu: weka alama, taja ukurasa, eleza kwamba umetafsiri mwenyewe. Ukitaka kueleza wazo lake, funga kitabu kama tulivyofanya na ile makala. Wanafunzi wetu wanaosoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili wanakutana na jambo hili kila wiki, na miongozo mingi niliyoiona hailigusi.

Hizo nazo aliziangalia moja baada ya nyingine kwa maswali yaleyale mawili. Baadhi akaziandika upya, mojawapo akaigeuza kuwa nukuu iliyotafsiriwa. Nyingine akazifuta, kwa sababu alipojiuliza anazihitaji za nini hakupata jibu, na sura ikatoka fupi kuliko ilivyoingia.